Kizibo Juu

Muuza samaki hakuwa na kipimajoto kwenye friza lake. Alikuwa na chupa.

Chupa yenyewe ya plastiki, ya kawaida kabisa. Aliijaza maji nusu, akaigandisha ikiwa imesimama, kisha akaipindua na kuichomeka kichwa chini katikati ya vibua. Barafu ikabaki inaning'inia juu, kwenye kitako. Umeme ukikatika mpaka barafu iyeyuke, maji hushuka kwenye kizibo, na umeme ukirudi huganda hukohuko chini. Samaki aliyeyeyuka anaweza kuganda tena akawa jiwe, akakudanganya mchana kweupe. Chupa haidanganyi. Aliiita Shahidi.

Alipokwenda kumuuguza bintiye aliyejifungua, alimwachia mumewe, fundi saa, maagizo.

"Umeme ukikatika usifungue. Samaki wamejaa, na chupa za barafu zimeziba kila upenyo. Siku mbili watavumilia. Ikizidi hapo, mwangalie Shahidi. Barafu ikiwa juu, salama. Ikiwa chini, wamwage wote, usinisubiri."

"Mimi naishi na vidude visivyoonekana kwa macho, mke wangu. Chupa ndiyo itanishinda?"

Alirudi siku ya sita asubuhi, miguu imevimba kwa safari. Mlangoni alimkuta mama lishe anayewapikia mafundi wa jengo jipya, beseni kiunoni.

"Ndugu yangu, nimekuja hapa mpaka kizingiti kimenizoea. Nipe vibua, mafundi wamechoka na maharage."

"Umeme vipi?" muuza samaki alimwuliza mumewe.

"Ulikatika kidogo, ukarudi."

Akainua mfuniko. Barafu ya Shahidi ilikuwa juu. Akampimia mama lishe beseni zima, akafunga, akaenda kulala.

Adhuhuri aliamka kupanga friza. Alipoichomoa ile chupa, vidole vyake vilishika kizibo badala ya kitako. Akaitazama. Barafu ilikuwa juu, ndiyo, lakini na kizibo kilikuwa juu. Chupa ilisimama kama chupa yoyote dukani, na barafu imeng'ang'ania shingoni.

Akamwendea mumewe kibarazani, mahali anapofanyia kazi, akaiweka chupa mezani katikati ya mikanda ya saa.

"Nani aliigeuza?"

Fundi saa hakuitoa lenzi yake jichoni. "Ulisema barafu iwe juu."

"Nilisema ikiwa juu. Sikusema uiweke juu. Umeme ulikatika siku ngapi?"

"Siku tatu. Lakini zile chupa nyingine… muuza soda alikuja siku ya kwanza, soda zake zinachemka. Nikamwazima. Alizirudisha zote, mama, hata moja haikupotea."

"Alizirudisha maji."

"Umeme ulirudi, zikaganda. Samaki nao wakawa wagumu. Nikagonga mmoja kwa bisibisi, akalia ko, ko. Nikasema kuwamwaga hawa ni wendawazimu."

Muuza samaki alikuwa tayari ameshashuka barazani, chupa mkononi.

Kibua akishapata joto hutengeneza sumu ambayo haimwogopi mtu wala moto. Uikaange, uichemshe, uibanike, imo tu. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake, na alikimbia nalo kichwani mpaka kwenye jengo. Sahani zilikuwa zimeshaoshwa. Mama lishe hakuwepo. Mbeba zege mmoja alikaa juu ya mfuko wa saruji, uso na shingo vimemwiva vyekundu, anajikuna mikono.

"Wamepelekwa zahanati," alisema. "Sisi tulimtania mama lishe, tukamwambia leo samaki ana pilipili. Akaapa hajatia hata punje. Mchomeleaji alikula sahani mbili. Halafu yule ana pumu."

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja na vitanda vinne. Watatu walikuwa wakitapika kwenye ndoo. Wa nne, mchomeleaji, alikuwa na kinyago cha hewa usoni, kifua kinapanda na kushuka kama mtu anayevuta gogo, na muuguzi akimtafuta mshipa mkononi. Mama lishe alisimama ukutani, bado amevaa aproni.

"Mwambie, ndugu yangu," alisema alipomwona. "Mwambie muuguzi samaki wako huwa wazima. Ananiuliza nimetia nini."

Muuza samaki aliitazama chupa. Kukimbia kote kule juani, barafu ilikuwa imeyeyuka. Ilikuwa chupa ya maji, nusu, haina la kusema kwa yeyote. Akitaka, angeinywa.

"Waliyeyuka," alimwambia muuguzi. "Siku tatu bila umeme, wakaganda tena. Kosa ni la kwangu, si la mpishi."

Muuguzi aliacha mkono wa mchomeleaji, akaenda haraka kwenye kabati kuchukua sindano ya dawa nyingine.

Mama lishe alifungua aproni, akaikunja mara mbili, akasogea mpaka upande wa pili wa chumba. Kitandani, kifua kilipanda, kikakaa sana kabla ya kushuka.