Amana ya Chumba Namba Nne

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na naomba mlikumbuke hilo mnaponicheka.

Nina vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja elfu sitini kwa mwezi. Daftari langu nimelipiga mistari kwa rula: kodi, kilicholipwa, malimbikizo, na pembeni amana, yaani ile kodi ya mwezi mmoja ninayoishikilia mpaka mtu ahame. Atakayelipa nusu naandika nusu. Inayobaki naihamishia mwezi unaofuata. Kila tarehe moja nilisimama uani na kuyasoma malimbikizo kwa sauti, wapangaji wote wakisikia. Nilidhani huo ndio uwazi. Mke wangu aliuita ushamba.

Tarehe moja ya mwezi wa nane nilisoma: "Chumba namba nne, laki moja na ishirini." Miezi miwili kamili, na sheria yangu ni kwamba ikifika miwili natoa notisi. Namba nne anakaa fundi cherehani, mama wa watoto wawili, anayelipa elfu thelathini thelathini kadiri wateja wanavyomlipa yeye.

"Mwalimu, mbona kwa hesabu yangu ni sitini?" akauliza. "Mwezi wa sita na wa saba ndiyo nilitoa nusu nusu. Mingine yote nimemaliza. Hiyo sitini nyingine unaisoma tangu mwezi wa pili, nikaona aibu kubishana na mwalimu."

"Una risiti?"

"Ya kuingilia niliifua na sare ya mtoto."

Nikamgeuzia daftari aone. Akaangalia ile mistari ya rula. Mtu atabishana vipi na rula? Nikampa notisi. Kesho yake nikasikia ametafuta mtu wa kuinunua cherehani yake ili alipe deni asihame; angekuja kuichukua Jumamosi. Nilijiambia kwamba biashara ni biashara, nikala chakula changu vizuri tu.

Ijumaa fundi viatu wa namba mbili akaniaga. Anahama Jumapili, anataka amana yake. Alikuwa anadaiwa elfu kumi na tano, kwa hiyo nilipaswa kumrudishia arobaini na tano. Nikafungua sanduku la bati la amana, ambalo halifunguliwi ovyo. Daftari lilisema laki nne na ishirini. Bati lilikuwa na laki tatu na sitini. Nikahesabu mara tatu, mara ya mwisho nikilowesha kidole.

Hapo ndipo akili yangu ya miaka thelathini na moja ikafanya kazi: nikamshuku mke wangu.

"Mama, umekopa sitini humu?"

Aliweka chini mboga alizokuwa anachambua, akafuta mikono.

"Vyumba vingapi?"

"Sita."

"Amana kila kimoja?"

"Sitini."

"Sita mara sitini, Mwalimu?"

Laki tatu na sitini. Akalivuta daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya amana: sitini, sitini, sitini, laki moja na ishirini, sitini, sitini. Namba nne. Kisha akafungua kitabu cha risiti, kwenye nakala ya kaboni ya mwezi wa kwanza, namba nne alipoingia, mwandiko wangu mwenyewe: "Laki moja na ishirini, amana na kodi."

"Siku ile ulinipa hela nikaigawa," akasema. "Sitini ya amana nikatia batini, sitini ya kodi tukanunua saruji. Wewe ukaandika yote amana."

Kwa hiyo kodi ya mwezi wa kwanza ilikaa sifuri, na sifuri hiyo nikaibeba kama deni la sitini mwezi baada ya mwezi, kwa rula. Upande mmoja nimemzidishia mama wa watu deni, upande wa pili nimemgeuza mke wangu mwizi, na yote ni sitini ileile. Niliona aibu ya kweli, ile ya kutamani kuingia ndani ya bati.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Mimi nitakusamehe. Yule deni lake ulilisoma wapi?"

Jumamosi asubuhi nilimkuta mnunuzi ameshaifunga cherehani kamba. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja bado juu ya gurudumu lake. Nikasimama mahali pangu uani, nikafungua daftari. Wapangaji wakatoka, walizoea sauti yangu.

"Chumba namba nne," nikasoma, "malimbikizo ni sitini. Si laki moja na ishirini. Aliyekosea ni mimi. Notisi nimeifuta."

Fundi akafungua kamba taratibu, akamwomba radhi mnunuzi, kisha akaniangalia.

"Soma tena, Mwalimu," akasema. "Fundi viatu yuko bafuni, hajasikia."

Nikangoja mpaka alipomaliza kuoga, nikasoma tena.