Jina la Yannick

Hasira ya Kavira haikuwa ya kelele. Mutoto wake mumoja tu, Yannick, aliacha masomo akaenda kuchimba dhahabu, na siku ya kuondoka akamwambia baba yake Athanase, mwalimu wa miaka yote ile, kwamba chaki haijawahi kujaza sufuria ya mutu.  Kavira naye akachukua simu, akatafuta «Yannick Wangu», akafuta jina. Basi. Akarudi kupanga samaki zake za Kasenyi kwenye meza ya soko, na yeyote aliyemwita Mama Yannick siku ile alimukatia macho.

Alidhani amefuta jina tu, kumbe! Mazungumzo yao ya zamani yalibaki mahali pake, ila juu yake sasa paliandikwa namba kavu. Kavira hafungui namba zisizo na jina, maana matapeli wamejaa, kwa hiyo aliipita kila siku bila kuijua.

Miezi ikaenda. Athanase akaanza kukauka, wakamupeleka hospitali ya Nyankunde, na huko daktari akasema maneno ambayo hayana dawa. Muzee alikuwa na ombi moja: amuone mutoto.

Sasa sikia kiburi cha mama. Kumuandikia Yannick yeye wa kwanza, hapana, mutoto ndiye aliyekosa. Lakini kumutupia maneno mu statut, pale pa simu ambapo watu wote wanasoma, hilo nani hafanyi Bunia? Mutu anatupa neno pale, anayehusika analiokota, hakuna aliyepiga magoti. Akaandika: «Baba iko Nyankunde, anauliza mutoto wake.» Kesho yake: «Mulango iko wazi.» Halafu: «Njoo mbio.»

Kila alipoweka neno, alifungua orodha ya waliotazama. Majirani wote walikuwa pale, hata wale wasiomusalimu. Yannick, hapana. Ila Kavira alijua kuna watu wanatazama wakijificha, wamezima alama za kuonyesha wamesoma, na hata statut za mutoto hazikuonekana tena kwake. Akasema moyoni: anasoma, ananifichia uso. Shemeji yake Marcellin alipouliza kama mutoto ameambiwa, alijibu, «Nilishamwambia.» Nani angebishana na mama? Hakuna aliyepiga simu.

Athanase akafa akiangalia mulango. Wakamuzika bila mutoto, na Kavira alilia machozi mawili pamoja, ya bwana yake na ya chuki. Photo yake mwenyewe mu simu akaibadilisha, akaweka ya marehemu, amevaa koti la mistari, anacheka.

Siku ya tatu ya matanga, pale nyumbani Ngezi, mutoto wa dada yake, Séphora, akakaa karibu naye kwenye mukeka.

«Tantine, Yannick hajafika?»

«Alisoma statut zangu zote. Akanyamaza. Usinitajie yeye.»

Séphora akaomba simu amuandikie mwenyewe. Akatafuta jina, hakuna. Akashuka mu mazungumzo ya zamani mpaka kwenye ile namba kavu, akafungua: salamu za Yannick, picha yake kando ya shimo, «Mama, nimekula, usiogope».

«Tantine, ulimutosha, ulimufuta mu simu?»

«Nilifuta jina. Jina tu.»

Séphora akamuonyesha ile namba. «Statut inafika kwa mutu mwenye uko naye mu simu, na yeye iko na weye. Uliisha kumutosha. Hakuona hata moja. Na photo yako, niliiweka ionwe na watu wenye majina mu simu yako tu, juu ya kuogopa matapeli. Kwake ilipotea, akaona kichwa cheupe kisicho na sura. Simu haimwambii mutu kama umemutosha, lakini kile kichwa cheupe atakielewa vipi? Atasema mama amenikana. Ungemuandikia tu hapa, ingefika.»

Kavira hakulia.  Alikuwa ameua njia kwa kidole chake mwenyewe, na muzee amekufa akidhani mutoto amekataa.

Wakapiga, namba haipatikani. Kule mlimani kwenye machimbo mtandao unashikwa mara mojamoja. Séphora akaandika jina upya, na mara moja yale mazungumzo yote yakavaa tena «Yannick Wangu». Kavira akachukua simu atafute maneno ya kumupasha habari. Usiku ukapita, asubuhi ikapita, hakupata hata neno la kuanzia.

Mchana simu ikatetemeka mukononi mwake. Ni Yannick.

«Mama, naona photo imerudi. Asante sana. Nilidhani mulinifuta kabisa, nikaogopa kuandika. Photo ya Papa iko inapendeza, amenenepa! Nilimukosea mubaya. Mupatie simu, nimuombe pardon.»

Kavira alisoma, akasoma tena. Kule kwa Yannick alama mbili zilishageuka bluu, akajua mama amesoma. Akaandika tena:

«Papa iko karibu?»