Samahani za Bure

Mimi ndiye fundi mkuu wa lifti, na nyuzi za waya wa lifti namba mbili zilikuwa zinakatika. Nilimwandikia meneja wa jengo mara tatu, kila mara hivi: "Samahani kwa usumbufu, bosi. Samahani, najua una kazi nyingi. Labda nakosea, lakini naona kama waya umechoka. Samahani sana."

Mara ya tatu akajibu: "Kama huna uhakika, tusubiri."

Sina uhakika, mimi? Nikampelekea simu shangazi, katibu muhtasi mstaafu. Akasoma, akasonya.

"Umemkosea nini huyu?"

"Sijamkosea kitu."

"Basi samahani za nini? Na hiyo 'labda' ndiyo aliyoidaka. Futa. 'Tafadhali' iweke, hiyo ni adabu."

Nikafuta, nikaandika: "Nyuzi za waya wa lifti namba mbili zinakatika. Naifunga leo saa sita. Tafadhali idhinisha waya mpya kabla ya saa kumi."

Saa sita kamili nikaifunga. Lifti namba moja ilikuwa mbovu tangu zamani, kwa hiyo meneja akapanda ngazi ghorofa saba, akanifikia anahema.

"Mbona hukuniambia mapema?"

Samahani ikanifika kooni. Nikaimeza.

"Nilikuambia mara tatu. Saini hapa."