Nakala ya Pili
Chumba kizima cha habari kilimwita Jicho, maana hakuna picha iliyopita mikononi mwake ikatoka na doa. Siku hiyo, sijui nisemeje, jicho lilisinzia mchana kweupe.

Picha ilikuwa ya karani aliyetoboa siri ya kiwanda kinachomwaga sumu mtoni. Watu wa kiwanda walikuwa wakimtafuta kwa udi na uvumba. Jicho alimficha nyumbani kwa shangazi yake mwenyewe, akampiga picha humo humo kwa simu. Asubuhi aliutia uso ukungu, akakagua taarifa zilizojificha ndani ya picha: mahali ilipopigwa, saa, programu iliyoihariri. Akafuta zote, akakagua tena, hakuna kitu. Akampelekea mhariri.

"Pua bado inaonekana," mhariri akasema. "Ongeza ukungu, mdogo wangu, tumechelewa."

Basi Jicho akarudi mbio kwenye faili la kazi, lile la awali analohaririamo, akaongeza ukungu, akatoa nakala mpya. Hiyo hakuikagua. Kichwani mwake picha ilikwishasafishwa, kumbe alichosafisha ni nakala ya kwanza tu. Faili la kazi lilikuwa na taarifa zake zote, nalo likazimwaga kwenye nakala ya pili. Mhariri akairusha tovutini, na tovuti yao haifuti kitu, huweka picha kama ilivyopewa.

Saa sita alipata nafasi ya kuvuta pumzi. Akaipakua picha kutoka tovutini, kwa mazoea tu, akaifungua. Jina la programu lilikuwepo, na chini yake jina lake mwenyewe kamili, kama alivyoisajili programu hiyo. Kisha namba za mahali. Alipoziweka kwenye ramani, alama ilitua juu ya bati la shangazi.

"Itoe," alimwambia mhariri. "Itoe sasa hivi, tumemuuza."

Mhariri aliitoa. Lakini ilikuwa imekaa hewani saa mbili nzima, na waliokwisha kuipakua wanayo. Jicho alipiga simu ya shangazi, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alikuwa akilia waziwazi mbele ya wenzake, na wala hakujali. Mara ya tano ikapokelewa.

"Shangazi, mgeni yuko wapi? Mtoe, mpitishe uani, usiulize kitu."

"Mbona unanichanganya, mwanangu?" shangazi alisema, ametulia kabisa. "Si umeshatuma gari? Wamekuja vijana wawili wenye adabu zao, wakakutaja jina lako lote, mpaka la babu yako. Mgeni alisita kidogo, maskini. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikampandisha."