Tovuti ya Kamati ya Maji, Mara ya Pili

Kicheko kilitangulia. Kilipita chini ya mlango kikanikuta kwenye benchi la nje, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikasoma taratibu, kama anayesoma cheti cha dawa: "Pendekezo la kutengeneza tovuti ya Kamati ya Maji." Kikafuata kicheko kingine.

"Nani kaandika?" mtu akauliza.

"Mdogo wake Profesa."

Hapo hawakucheka tena.

Profesa ndivyo mtaa unavyomwita kaka yangu. Miaka mitatu iliyopita aliitengenezea kamati tovuti, wakampigia makofi, kisha akapata kazi mbali akaondoka. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na kaka alikuwa amelisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, ile ya zamani ambayo hata yeye haifungui siku hizi. Vikumbusho vya malipo vikaenda huko, hakuna aliyevisoma. Muda ukaisha, mtu asiyejulikana akalinunua jina lile, na waliokuwa wakitafuta ratiba ya maji wakakaribishwa na matangazo ya kamari. Mwenyekiti aliyaona kwanza mbele ya wageni, simu ikiwa mkononi, akiwaonyesha maendeleo yetu.

Tangu siku hiyo mama yangu akipanga foleni ya maji, kuna wanaomwita Mama Kamari. Yeye hucheka nao. Mimi sicheki. Jina hilo ndilo nililokwenda kulifuta.

Nikaitwa. Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, ukutani ramani ya mabomba yenye duara sita nyekundu, moja kwa kila kibanda cha kuuzia maji. Nikawaamkia wote wanne. Mwenyekiti alikaa kichwani pa meza. Kulia kwake fundi bomba, bado na buti za matope. Kushoto mhazini, nesi mstaafu, ndiye aliyekuwa akisoma. Mwishoni katibu, ambaye kila mtu humwita Mama Chaki kwa kuwa kila alfajiri ndiye anayeandika ratiba kwenye ubao wa nje ya ofisi.

"Kijana," mwenyekiti alianza, "grupu la Wasapu tunalo. Tovuti ya nini tena?"

"Mzee, Jumanne fundi alitangaza kwenye grupu kwamba kibanda cha nne hakitoi maji. Ilikuwa saa moja asubuhi. Kufika saa mbili, tangazo lake lilikuwa limefunikwa na jumbe sitini na moja. Nilizihesabu. Hongera za kuzaliwa, keki, na mtu anauza kochi."

"Kochi lenyewe lilikuwa zuri lakini," fundi akasema.

"Watu walibeba madumu hadi kibanda cha nne wakarudi nayo matupu. Mama yangu alikuwemo. Kwenye tovuti, ratiba ya leo inakaa juu kabisa, mahali pamoja, haifunikwi na keki."

"Na asiye na simu ya kuingia intaneti?" mhazini akauliza.

"Wauzaji wote sita wanazo. Asubuhi wanafungua, wananakili ratiba kwenye ubao wa kibandani. Ubao mmoja wa hapa unakuwa sita. Na ukurasa ni maandishi matupu, hauna picha, hauli bando."

"Ubao wangu," Mama Chaki akasema bila kuinua kichwa, "haujawahi kuonyesha kamari."

Masikio yangu yakapata moto.

Mhazini akafungua ukurasa wa pili. "Gharama. Jina la tovuti, elfu arobaini kwa mwaka. Mahali pa kuihifadhi kwenye mtandao, laki na ishirini kwa mwaka. Simu ya ofisi, laki mbili na nusu. Bando, elfu kumi na tano kwa mwezi. Kazi yako, laki tatu. Jumla laki nane na elfu tisini." Akanitazama juu ya miwani. "Kaka yako alitupa hesabu ya mwaka mmoja tu."

"Mwaka wa pili uko chini yake, mama. Laki tatu na elfu arobaini, na kila mwaka unaofuata."

"Nimeuona. Nilitaka nikusikie ukisema." Akafungua ukurasa wa tatu. "Majukumu. Mtengenezaji, wewe. Mwandishi wa matangazo, wewe. Mtunza paswedi, wewe. Mwalimu, wewe, siku moja." Akavua miwani. "Mwanangu, siku ukiugua, nani atatuambia kibanda cha nne kimekauka?"

"Siugui."

"Nimekuwa nesi miaka thelathini na moja. Kila niliyemlaza wodini alikuwa haugui."

Fundi akacheka hadi akakohoa. Nikasimama. "Mimi si kaka yangu. Pendekezo hili nimeliandika mara saba. Kila alipokosea nimepaziba."

"Kaka yako alikuwa hodari," mhazini akasema. "Hatukuangushwa na mtu asiyejua kazi."

Nilitaka kumjibu. Jibu lilikuwa mdomoni, kali na lenye mdundo. Lakini karatasi ilikuwa imegeuzwa upande wangu, na pale katikati lilisimama jina langu mara nne, moja chini ya jingine. Kaka naye angeandika hivyohivyo.

"Naomba kalamu," nikasema.

Nikalikata jina langu mara tatu, nikaliacha pale pa mtengenezaji. Tukaandika upya hapohapo. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kamati na kwa barua pepe ya ofisi. Paswedi kuu waijue watu wawili, mwenyekiti na mhazini, na nakala ifungwe kwenye bahasha ndani ya sanduku la mhazini. Mwezi mmoja kabla ya tarehe ya malipo, malipo yawe ajenda ya kwanza ya kikao.

"Na mwandishi wa matangazo?" mwenyekiti akauliza.

Fundi akaanza kuchunguza buti zake.

"Katibu," nikasema.

Mama Chaki akainua kichwa. "Mimi? Simu yangu ina tochi na redio."

"Ndiyo maana kuna simu ya ofisi, mama. Mimi najua kutengeneza ukurasa. Wewe unaandika tangazo kwa maneno manane na mtaa mzima unaelewa. Hilo mimi sijui."

Akainamisha kichwa tena.

Wiki nane nilizoomba zikabaki: mbili za kukusanya taarifa, nne za kutengeneza, mbili za majaribio kwenye vibanda viwili. Mafunzo ya siku moja yakafutwa. Yataanza wiki ya kwanza, kwenye ukurasa wa kujifunzia ambao umma hauuoni, na simu itanunuliwa Jumamosi. Mwenyekiti akaongeza sharti: nusu ya ujira wangu nitaipata siku Mama Chaki atakapopandisha tangazo peke yake.

"Asipoweza?" nikauliza.

"Basi hujatutengenezea sisi. Umejitengenezea wewe."

Kura ilipoitishwa, mikono mitatu ikapanda. Wa Mama Chaki ulibaki mezani, vumbi jeupe kwenye kucha.

"Kaka yako alinifundisha," akaniambia, kwa sauti ya chini kuliko alivyokuwa akisema mwanzo. "Dakika kumi. Nilipochelewa kuitafuta herufi, alininyang'anya simu akamaliza mwenyewe. Sikumwomba tena."

Nikamwangalia usoni. Na wote wakisikia, nikasema:

"Mama, Jumatatu saa nane mchana nitakuwa hapa. Nitakaa mbele yako, mikono chini ya meza. Hata ukilifuta tangazo mara ishirini, simu hiyo sitaigusa."