Pampu Mbili na Povu la Mama Mkwe

Fundi wa mashine za kufulia aliamini kwamba amejaliwa vipaji viwili: kutengeneza mashine na kutunga vichwa vya video. Cha kwanza kilikuwa na ushahidi. Video yake kuhusu mashine isiyotoa maji aliiita "Machozi Yaliyokwama". Kwa mwezi mzima ikatazamwa mara kumi na tisa, mara saba na yeye mwenyewe.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyepokea simu za wateja pale karakana. Alimwambia bila kumzungusha kwamba mtu aliyesimama kwenye dimbwi la maji hatafuti ushairi.

"Wakipiga simu wanasema, 'Mashine haitoi maji, nifanyeje?' Hayohayo ndiyo wanayoandika wakitafuta. Yaandike, shemeji."

Fundi akaumeza ushairi wake, akaandika: "Mashine ya kufulia haitoi maji? Safisha kichujio cha pampu hivi." Ndani ya wiki mbili watazamaji wakapita elfu tatu, naye akavimba kichwa. Kila kitu kikawa swali. Hata mezani alimuuliza mkewe, "Chumvi imezidi? Jinsi ya kuokoa mchuzi." Akaambiwa ale anyamaze.

Kisha mashine ya mama mkwe ikagoma kutoa maji. Fundi akasafisha kichujio, akabadilisha pampu, na baada ya siku chache akabadilisha nyingine. Safari ya tatu alifika mama akiwa anafua, akamwona anamimina poda kama anayemwaga mchanga wa ujenzi. Ngoma ya mashine ilijaa povu, na pampu ikisukuma povu badala ya maji. Pampu zote mbili alizozing'oa zilikuwa nzima.

Akarekodi somo hilo, akaipa video kichwa: "Je, poda nyingi huzuia maji kutoka?" Siku nne, watazamaji ishirini na sita. Akalaumu mtandao.

"Mtandao hauna kosa," shemeji akamwambia. "Nani atauliza hivyo? Anayejaza poda anajiona hodari wa kufua. Hajui kama ana tatizo, kwa hiyo hana swali. Mwambie tu kilichotokea."

Hapo ndipo penye uchungu, maana kilichotokea kilimhusu. Alizungukazunguka karakana mchana kutwa, akapanga spana ambazo zilikwisha pangwa, mwishowe akaandika: "Nilibadilisha pampu mbili bure. Kosa lilikuwa poda."

Watu wakaifungua kwa maelfu, wengi wakija kumwona fundi aliyeumbuka, wakaondoka wamejifunza kupima poda. Mama mkwe naye akapiga simu.

"Baba, kumbe siku zote zile hukujua?"

"Sikujua, mama."

Mama akamweleza kwa upole kwamba amewatumia video dada zake wote watano, na kwamba tangu apunguze poda mashine inatoa maji vizuri.

Jioni hiyo simu ya karakana ililia mfululizo. Shemeji akaweka mkono juu ya kipokezi, akamgeukia.

"Wanamtaka fundi wa pampu mbili. Niseme yupo?"

Fundi akafuta mikono. "Sema yupo."