Kadi ya Njano

Kwa miaka kumi na tisa nimepika chakula cha wagonjwa, na kwa miaka hiyo yote sikuwahi kukosea kadi. Wodini waliniita Mama Kadi, wengine kwa heshima na wengine kwa kunisanifu, na mimi niliitikia vyote viwili. Kadi ilikaa juu ya sinia. Nyeupe ni ya mgonjwa wa kawaida, ya bluu ni ya kisukari, ya njano ni ya ini. Kwenye ya njano yaliandikwa matano ya kukatazwa: nyama, samaki, mayai, maharage, maziwa. Msichana wa sinia akipitisha hata kijiko cha maharage kwenye kadi ya njano, sauti yangu ilisikika mpaka kule maabara.

Sababu yake niliijua, sikuwa kasuku. Alinifundisha mtaalamu wa lishe wa hospitali, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye tulimpa jina la Bibi Mizani kwa kuwa hakukuamini mpaka amekupima. Alinieleza kwamba protini ikisagwa tumboni hutoa sumu iitwayo amonia. Ini zima huikamata na kuigeuza kitu cha kutoka kwa mkojo. Ini lililosinyaa huiacha ipite mpaka kwenye ubongo, na hapo mtu anaanza kulala mchana, anasahau siku, anamwita mkewe kwa jina la mama yake. "Ondoa kuni, moshi utakwisha," alikuwa akisema. Niliyapenda maneno hayo, nikayarudia kwa wasichana wangu mpaka wakawa wanayasema kwa kuniigiza nikigeuka.

Basi mdogo wangu alipougua ini, nilijiona nimeandaliwa na Mungu mwenyewe.

Mdogo wangu ni fundi cherehani, anashona suti. Virusi vilikaa kwenye ini lake tangu ujana na hakuna aliyevijua mpaka tumbo lilipoanza kujaa maji. Mara ya kwanza alipochanganyikiwa alikata suruali ya mteja ikawa na miguu mitatu, akaisifia. Alilazwa, akapewa dawa ya maji matamu ya kumpeleka choo, akarudiwa na akili zake. Siku ya kutoka nilichukua kadi moja ya njano jikoni kwangu, nikaenda kuibandika kwenye kabati la jikoni kwake.

"Wifi," nilimwambia mkewe, "hii ndiyo sheria. Ukimpenda, ishike."

Akaishika. Mwanamke mpole yule, mfupi, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Kila Jumapili nilikagua sufuria zake na hakuwahi kuninunia.

Miezi mitano baadaye akili za mdogo wangu zikaruka tena. Nilikuta amekaa kitandani amevaa koti kinyumenyume. Sikumuuliza mtu kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye pipa la taka, nikachakura, nikatoka na maganda ya mayai, ya mayai mawili.

"Unataka kumuua?" nilimwambia wifi yangu mbele ya wajomba na majirani.

"Wifi, hajaenda choo siku ya nne leo," alisema. "Ile dawa ameiacha. Anasema inamkimbiza chooni wateja wakiwa dukani."

"Usinibadilishie mada. Mayai haya kala nani?"

Mimi ni dada mkubwa, na nikishika neno silitui. Wiki haijaisha wifi yangu alikuwa amefungasha nguo zake na kurudi kwao, na ndugu zangu wote wakaniambia nimefanya jambo la maana. Bibi Mizani naye alinipa mkono. Alikuwa rafiki yangu kufikia hapo, tukila pamoja saa sita kila siku. Nilimsimulia habari ya maganda tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliisikiliza, akafuta miwani, akasema, "Ulikuwa makini." Nayakumbuka maneno hayo mawili kama mtu anavyokumbuka kofi.

Nikahamia kwa mdogo wangu, aliyekuwa amerudishiwa ile dawa hospitalini na kupata nafuu. Nikampikia mwenyewe: uji mwepesi, wali mtupu, viazi, mboga za majani zilizochemka mpaka zikasahau rangi yake. Alikuwa akinitazama na kula bila neno. Alipokuwa akienda choo mara tatu kwa siku nilimhurumia, nikaona mtu aliyekonda vile hafai kuhara, na tena chakula chake kilikuwa kisafi, hakina kuni. Nikampunguzia ile dawa nusu.

Nasema aliyekonda, lakini mizani haikusema hivyo. Kila mwezi nilimpeleka kwa Bibi Mizani na kila mwezi kilo zilikuwa sitini na mbili. Ni mdogo wangu mwenyewe aliyeona. Alikuwa akijishonea suti ya harusi ya binti yake, na kila akijipima anaipunguza. Siku moja alizungusha utepe kwenye mkono, juu ya kiwiko, akaniita.

"Dada, mkono huu ulikuwa inchi kumi na moja. Leo ni nane na nusu. Tumbo tu ndilo linalozidi."

"Mizani inasema uko sawa," nilimjibu.

"Mizani haishoni," alisema.

Majuma matatu baada ya hapo nilimkuta dukani anajaribu kutia uzi kwenye sindano isiyokuwepo. Hakunitambua. Nami nilijua, kama ninavyojua vidole vyangu, kwamba nyumba ile haikuwa imeonja yai wala punje ya harage tangu wifi yangu aondoke. Nilipika mimi. Nilifunga kabati mimi. Kuni nilikuwa nimeziondoa zote, na moshi ulikuwa umejaa nyumba.

Alilazwa kwenye wodi ninayoihudumia. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, mgeni kwetu, anayesuka nywele fupi na kuongea kwa sauti ya chini. Alimwambia mdogo wangu anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama mbele kama anazuia gari. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka. Akaminya mapaja yake, akaangalia mabega.

"Mama, mara ya mwisho amekwenda choo lini?"

Nikahesabu. Siku ya tano. Nikasikia sauti ya wifi yangu kana kwamba amesimama nyuma ya pazia.

Daktari aliagiza ile dawa, kwa kuwa amonia hutoka na choo, mpaka apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku, akachukua damu na maji ya tumbo kutafuta maambukizi, akauliza kama hajatapika damu wala kupewa vidonge vya usingizi. Halafu macho yake yakaangukia sinia niliyoileta na kadi yake.

"Hii kadi bado mnaitumia?"

"Ni ya ini," nilisema kwa kiburi changu chote. "Hatumpi protini. Inatoa amonia."

Hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha. Alivuta stuli akakaa.

"Inatoa, ni kweli, sehemu. Lakini mama, ini likishindwa, misuli ndiyo inayosaidia kuikamata hiyo amonia. Ukimnyima protini mwili unakula misuli yake wenyewe. Misuli ikivunjwa inatoa amonia ileile, na anayeikamata anazidi kupungua. Ni kama mtu aliyenyimwa kuni akaanza kuchoma milango ya nyumba yake. Moshi uko palepale, na sasa nyumba haina milango."

"Lakini kilo hazikupungua."

"Ni maji ya tumboni hayo. Yanaziba pengo la nyama iliyokwisha." Alitazama ule mkono wa inchi nane na nusu. "Watafiti walilinganisha waliokatazwa na waliokula. Waliokatazwa hawakupata nafuu zaidi, ila misuli yao ilizidi kuvunjika. Mtu kama huyu anahitaji gramu moja nukta mbili mpaka moja na nusu za protini kwa siku kwa kila kilo, kwa uzito wake bila maji. Maharage, maziwa, mayai, kidogokidogo mara nyingi, na kitu cha kula kabla ya kulala ili asifunge usiku kucha. Hata sasa, akiweza kumeza vizuri, tunamlisha. Hospitali ilifuta kadi hii miaka miwili iliyopita. Waraka ulipelekwa kwa mtaalamu wa lishe."

Nilikwenda ofisini kwa Bibi Mizani na aproni yangu. Alikuwa anakula. Nilimuuliza habari ya waraka, naye hakunidanganya, namshukuru kwa hilo moja. Alifungua droo, akautoa chini ya rula na kalamu zilizokauka. Ulikuwa na muhuri na sahihi yake ya kupokea.

"Nilikuwa nangoja kadi za zamani ziishe," alisema.

"Mwalimu, hiyo siyo sababu."

Alivua miwani. "Nimefundisha hivyo miaka thelathini. Na tulifundishwa hivyo, hatukutunga. Ningesimama mbele yenu niseme nini? Mngeniuliza habari za wale wote waliokwisha kula kwa kadi ile."

"Nilikusimulia habari ya maganda," nilisema. "Ulikaa hapo hapo. Waraka ukiwa kwenye droo hiyo. Nikakuambia nimemfukuza mke wa mtu kwa mayai mawili, ukaniambia nilikuwa makini."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kitakuwa kimekaa kwenye meza moja nawe saa sita mchana, kinakupitishia chumvi. Nilichukua ule waraka. Nilirudi jikoni nikatoa kadi zote za njano kwenye kisanduku na kuzitia motoni, wasichana wakinitazama. Ilikuwa rahisi kumchukia yule mama. Ningependa iishie hapo.

Siku ya tatu mdogo wangu alirudiwa na akili. Nilimpikia maharage laini, nikamwekea glasi ya maziwa na yai la kuchemsha, nikayabeba mwenyewe. Alitazama sinia, akanitazama.

"Dada, unataka kuniua?"

"Ilikuwa makosa. Daktari amesema ule."

"Mbona wewe ndiye uliyesema yanaua?" Alisukuma sinia taratibu, kwa adabu, kama anavyorudisha nguo iliyokosewa kipimo. "Yale mayai niliyaomba mimi. Nilimbembeleza siku mbili. Hukuniuliza."

Hakula. Jioni hakula. Asubuhi hakula, na daktari akaanza kuzungumzia mpira wa kupitisha chakula puani. Nikavaa viatu nikaenda kwa wifi yangu, nikasimama mlangoni mwa kwao bila kukaribishwa, nikasema yote, la choo, la dawa niliyoipunguza, la waraka. Alisikiliza. Hakusema amenisamehe. Alikwenda kuvaa.

Alipofika wodini mdogo wangu alilia bila sauti. Wifi yangu alikaa kitandani, akachukua yai kwenye sinia ya asubuhi, akaligonga kwenye chuma cha kitanda na kulimenya polepole. Akampa kipande. Akala. Akampa kingine.

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda sijui mikono yangu niiweke wapi. Wifi yangu alikusanya maganda kiganjani, akageuka na kunitilia mkononi.

"Pipa lako unalijua, Wifi," alisema, akaendelea kumlisha mumewe.